"Bosi anaumwa": kufuta kikao cha mkurugenzi bila kumvunjia heshima

"Shikamoo mama. Mimi ni katibu muhtasi wa mkurugenzi wa kampuni moja hapa Dar es Salaam, nina mwaka na miezi kazini. Jumanne saa 2:10 asubuhi alinipigia akasema nifute kikao cha saa 4:00 kuhusu ujenzi wa ghala. Waalikwa walikuwa mkandarasi anayetoka Morogoro, meneja mmoja wa benki na mhandisi mshauri. Nikamuuliza nisemeje, akajibu 'sema chochote, sema naumwa'. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la mradi: 'Habari za asubuhi wadau. Kikao cha leo hakitakuwepo, bosi anaumwa. Tutawajulisha tarehe nyingine. Samahani kwa usumbufu.' Jioni picha zake zikasambaa akiwa kwenye mahafali ya mwanawe. Sasa ananiambia nimemvunjia heshima. Nilikosea wapi, siku nyingine niandike nini, na niweke jina langu au lake?"

Marahaba. Nianze na lililo lako na lisilo lako. Uongo haukuwa wako, uliletewa. Lakini "sema chochote" ulilichukua kama agizo wakati halikuwa agizo. Mkubwa anayekwambia hivyo yuko mbioni, ameshaliondoa jambo kichwani mwake, na anakuachia wewe ufikirie. Hapo ndipo kazi yetu ya uhazili inapoanza, na wewe ulikata simu mapema mno. Ilibaki nusu dakika ya maswali, nami nitaifikia.

Makatibu wengi, hata wenye uzoefu, hudhani heshima ya mkurugenzi inalindwa na sababu nzuri. Wanahangaika kutafuta sababu nzito, kwa imani kwamba ikiwa nzito vya kutosha mgeni hatakasirika. Mgeni hapimi hivyo. Mtu aliyefutiwa kikao hujiuliza mambo mawili kabla ya sababu: nimeambiwa na nani na kwa wakati gani, na je, nimepewa siku nyingine au nimetupwa? Akiridhika na hayo mawili, sababu haimsumbui sana. Asiporidhika, ndipo anaanza kuchunguza, na sababu yoyote utakayotoa itachunguzwa. Ujumbe wako ulimwachia mkandarasi kitu kimoja tu cha kushika, ugonjwa wa mkurugenzi, nacho kilikuwa si kweli.

Tena ugonjwa kwetu si sababu, ni habari. Ukimwambia mtu fulani anaumwa, unamtwika wajibu. Lazima aseme pole, lazima apige simu, na akiwa mtu wa karibu lazima aende akamwone. Nina hakika chini ya ujumbe wako zilifuata "ugua pole mkurugenzi" kadhaa, labda na dua. Kila aliyeandika ile pole ndiye aliyeumia alipoziona picha za mahafali. Kikao kilichofutwa wangekisahau ndani ya wiki moja. Pole iliyochukuliwa bure haisahauliki upesi.

Mimi nililipia somo hili mapema. Mwaka wangu wa tatu kazini mkuu wangu aliniambia nifute kikao, niseme ana msiba. Nikasema. Kesho yake asubuhi wakaja wazee wawili ofisini, wamevaa vizuri, na bahasha ya rambirambi mkononi. Mkuu alikuwa ndani, mzima, anacheka kwenye simu, na mlango wake haukuwa umefungwa vizuri. Niliipokea ile bahasha kwa mikono miwili, nikawashukuru, nikawasindikiza hadi getini kwa haraka isiyo ya kawaida. Tangu siku hiyo sijawahi kumuua wala kumlaza mtu kwa ajili ya kikao.

Kuna na upande wa sheria, niupite haraka. Hata angekuwa anaumwa kweli, hali ya afya yake si ya kutangaza kwenye kundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Mkurugenzi akitaka watu wajue anaumwa, atasema mwenyewe, au atakuambia wazi nani aambiwe.

Sasa useme nini? Kiswahili kimetupa neno ambalo makatibu wa lugha nyingine wangelitamani: udhuru. "Mkurugenzi amepata udhuru." Neno hili linasema kuna jambo limemzuia, jambo hilo ni halali, na mwenye kuuliza zaidi ndiye anayevuka mpaka. Si uongo, maana mahafali ya mtoto ni udhuru. Foleni ni udhuru, kuitwa ghafla na mwenye kampuni ni udhuru, kuumwa ni udhuru. Na lina hadhi ya kiofisi: muhtasari wa kikao una sehemu ya waliohudhuria na sehemu ya wasiohudhuria kwa udhuru, na hakuna anayeandika pale udhuru ulikuwa upi. Tahadhari ni moja. Mkurugenzi wako angekuwa mwanamke, na wageni ni watu wa Pwani, usiseme "ana udhuru" ukaishia hapo, maana kwa masikio ya huko ina maana nyingine kabisa. Sema "amepata jambo la kumzuia".

"Dharura" ni ndugu yake, lakini ina makali. Dharura inaulizwa: dharura gani, wamepata ajali, kuna usalama? Halafu inachakaa. Mara ya kwanza watu wanashtuka, mara ya pili wanaguna, mara ya tatu ofisi nzima inajulikana kuwa ofisi ya dharura. Ihifadhi kwa siku ambayo ni dharura kweli.

Sababu ninayoiogopa zaidi ya zote, na makatibu waungwana huitumia wakidhani wanamkweza bosi, ni hii: "Mkurugenzi ana kikao kingine muhimu." Jiweke mahali pa meneja wa benki anayeisoma. Kama kile kingine ni muhimu, changu je? Umemwambia mgeni wako daraja lake. "Ameitwa wizarani" ina kasoro ileile, ingawa inasameheka kidogo kwa kuwa kila mtu anajua wito wa wizara haukataliwi. Lakini nayo inatoa habari ambayo pengine haikupaswa kutoka, na mshindani akisikia kwamba mkurugenzi yuko wizarani wiki hii ataanza kuhesabu.

Tuingie kwenye maneno yenyewe uliyoandika. "Kikao cha leo hakitakuwepo" ni sentensi isiyo na mwenyewe. Kama mvua vile, haikunyesha basi. Wengine huona kwamba kumtoa mkurugenzi kwenye sentensi kunamlinda, lakini kunamfanya aonekane hana habari na kikao chake. Kikao aliita yeye, na kukihamisha ahamishe yeye: "Mkurugenzi ameniagiza nikuombe kikao chetu cha leo tukihamishie..." Humo mwenye uamuzi ni yeye, mwenye kuomba ni yeye, na wewe ni mjumbe. Epuka pia "ameshindwa kuhudhuria". Wengi wanaiandika bila nia mbaya, lakini "ameshindwa" ni neno la mtu aliyejaribu akaanguka. "Hataweza" inatosha.

Chagua kitenzi chako kwa uangalifu vilevile. Kufuta ni kufuta, kikao hakipo tena na hakuna kinachokuja. Kuahirisha ni kukipeleka siku nyingine. Ulichotaka wewe ni kuahirisha, lakini mtu aliyesoma "hakitakuwepo" angeweza kudhani mradi wenyewe umekufa, na mkandarasi akidhani hivyo anampigia msambazaji wake wa nondo asimamishe mzigo. Na "kimesogezwa mbele" usiiandike kabisa. Kwa wengi mbele ni baadaye, lakini kila mwaka namwona mtu aliyeelewa kwamba kimewahishwa, akafika siku mbili kabla. Andika siku, tarehe na saa, basi.

"Bosi" na "wadau" ni maneno ya korido. Kwa watu wa nje yeye ni Mkurugenzi, nao ni watu wenye majina na vyeo. Na hapa ndipo kosa kubwa la ujumbe wako lilipo, kubwa kuliko hata ugonjwa: ulikuwa mmoja, kwa wote, kwenye kundi. Meneja wa benki aliupata pamoja na vijana wa stoo waliomo kundini. Kikao kinafutwa kwa mtu mmoja mmoja. Kundi linakuja mwisho, kuthibitisha yale ambayo kila mmoja ameshayasikia.

Turudi basi kwenye ile Jumanne, saa 2:10. Una dakika 110. Mkurugenzi bado yuko kwenye simu. Kabla hajakata, muulize matatu: "Tunakifuta au tunakihamisha?" "Alhamisi saa 4:00 au Ijumaa saa 3:00, zote ziko wazi kwenye shajara, nizishike?" "Kuna yeyote ungependa kumpigia mwenyewe?" Ukishapata majibu, kuhusu kuumwa mwambie hivi: "Mkurugenzi, nikisema unaumwa watapiga simu nyumbani kukujulia hali. Naomba niseme umepata udhuru." Sijawahi kukutana na mkubwa aliyekataa sentensi hiyo, kwa sababu humfundishi maadili, unamwonyesha simu zitakazomfuata. Kisha mtumie kwa maandishi, mstari mmoja: "Nahamisha kikao cha ghala cha leo kwenda Alhamisi saa 4:00, mbadala Ijumaa saa 3:00. Nawapigia wote sasa." Akijibu "sawa", itunze ile sawa. Siku atakayouliza nani alihamisha, unayo.

Simu ya kwanza ni kwa nani? Vitabu vitakwambia mwenye cheo kikubwa. Mimi nasema aliye barabarani. Mtu wa Morogoro mwenye kikao cha saa 4:00 Dar es Salaam ana karibu kilomita 200 za kusafiri. Alitoka alfajiri, na saa 2:10 pengine yuko Kibaha anaingoja foleni ya Mbezi. Kila dakika unayochelewa unamwongezea hasira. Umesema ulituma kwenye kundi, na mtu anayeendesha gari hasomi makundi. Bila shaka alifika getini, akaambiwa na mlinzi. Mlinzi ndiye aliyemfutia kikao mgeni wa mkurugenzi.

Simu yenyewe haihitaji ufasaha. "Shikamoo mzee, au habari za safari, naongea kutoka ofisi ya Mkurugenzi. Kwanza, umefika wapi?" Anza na hilo, maana jibu lake linabadilisha yote yanayofuata. Kama bado yuko Morogoro: "Mkurugenzi ameniagiza nikujulishe mapema kwamba amepata udhuru asubuhi hii, anakuomba kikao kiwe Alhamisi saa 4:00 au Ijumaa saa 3:00, ipi itakufaa?" Kama ameshafika Kibaha, usimwambie ageuze. Mwombe dakika kumi, rudi kwa mkurugenzi: je, mhandisi wa kampuni anaweza kumpokea wakapitia michoro, ili safari isiwe bure? Je, nauli na mafuta ya leo tunayabeba sisi? Hilo la pili usiliahidi kabla mkurugenzi au mhasibu hajakubali. Nimewaona makatibu waliotoa ahadi ya pesa kwa huruma, ikawageukia.

Atauliza, hasa kama wanafahamiana: "Kwani kuna nini? Yuko wapi?" Jibu baya kuliko yote ni "sijui". Wewe ndiye mwenye shajara yake. Ukisema hujui, ama unadanganya, ama ofisi hiyo haijui mkurugenzi wake alipo, na yote mawili yanamshusha. Sema: "Ni jambo lililomlazimu, mzee. Zaidi ya hapo naomba nimwachie akueleze mwenyewe mtakapoonana." Kisha rudi haraka kwenye tarehe. Sauti iwe ya kawaida. Ukishusha sauti kama mtu wa matangani, umeshasema kuna msiba.

Meneja wa benki usimpigie moja kwa moja kama ana katibu wake. Piga kwa katibu mwenzio. Si woga, ni utaratibu unaowalinda wote wawili: bosi wake halazimiki kukujibu wewe, na wewe hulazimiki kuvumilia hasira isiyo ya daraja lako. Katibu mwenzio pia atakuambia jambo ambalo meneja asingekuambia, kwamba Alhamisi asubuhi huwa na kikao cha mikopo, kwa hiyo Ijumaa ndiyo siku. Mhandisi mshauri ni rahisi, hao wamezoea. Mwisho pigia getini, na mwenye chai na chumba. Chai iliyoandaliwa kwa kikao kisichokuwepo ndiyo inayoanzisha maneno jikoni.

Baada ya simu ndipo maandishi, na hapo yanathibitisha tu. Kwa meneja wa benki ningeandika hivi, kwa barua pepe:

"Yah: Kuhamishwa kwa kikao cha ujenzi wa ghala, kutoka Jumanne tarehe 17 kwenda Ijumaa tarehe 20

Ndugu Meneja,

Rejea mazungumzo yangu na ofisi yako asubuhi hii. Mkurugenzi ameniagiza nikujulishe kwamba amepata udhuru na hataweza kukutana nawe leo saa 4:00 asubuhi kama mlivyokubaliana. Anakuomba radhi kwa taarifa ya muda mfupi, na anashukuru kwa kukubali kikao kifanyike Ijumaa tarehe 20, saa 3:00 asubuhi, hapahapa ofisini.

Agenda na nyaraka ulizotumiwa zinabaki vilevile. Mkurugenzi atakuwa amesoma mapendekezo ya benki kabla ya siku hiyo."

Chini unaweka jina lako na "Katibu Muhtasi, Ofisi ya Mkurugenzi".

Tazama mambo machache humo. Radhi inaombwa na mkurugenzi, kwa kitu mahususi, taarifa ya muda mfupi. "Samahani kwa usumbufu" haina mwombaji wala kosa, watu huipitia kama muhuri. Lakini radhi ya mkurugenzi si mali yako, kwa hiyo hakikisha ameikubali. Kama hajaikubali, andika "ofisi inaomba radhi". Sentensi ya mwisho kuhusu mapendekezo ya benki ndiyo inayorudisha hadhi: inamwambia meneja kwamba kikao chake bado kiko mezani. Nayo uiandike tu ikiwa ni kweli na umeshaziweka zile karatasi kwenye faili la mkurugenzi. Udhuru umetajwa mara moja, kwa neno moja, katikati ya sentensi, si mwanzoni wala mwishoni ambako jicho linatua.

Na kama huna tarehe? Inatokea. Mkurugenzi mwenyewe hajui lini atapumua. Hapo usiandike "tutawajulisha tarehe nyingine", maana hiyo kila mtu anaijua ni kaburi. Toa tarehe ya kutoa tarehe: "Nitakupigia kesho kabla ya saa 6:00 mchana na siku mbili za kuchagua." Kisha piga, hata kama mkurugenzi bado hajakupa siku, umwambie hivyo.

Umeuliza jina la nani liwekwe. Lako. Unapoandika "Mkurugenzi ameniagiza" na kuweka jina lako, kila kitu kiko mahali pake. Ile "Kny" tunayoiona chini ya barua ni jambo jingine. Ina maana unatia saini mahali pa mkurugenzi, na barua inahesabika kuwa yake. Huiweki bila idhini, na kwa ujumbe wa kuhamisha kikao huihitaji. Lililo baya zaidi ni kuandika kutoka kwenye simu yake kana kwamba ni yeye. Mgeni atajibu hapo hapo, kwa utani wa watu wanaofahamiana, na wewe hujui utani wao.

Neno moja kuhusu kalenda ya kompyuta, kwa kuwa wengi wananaswa hapo. Ukiwa na kibali cha kushika kalenda ya mkurugenzi kwenye Outlook, ukibonyeza Cancel Meeting kisha Send Cancellation, waalikwa wote wanapata ujumbe wenye kichwa kinachoanza na Canceled: papo hapo. Kwa hiyo simu kwanza, kitufe baadaye. Kama kikao ni kile kile kinachohama, usikifute kabisa. Kifungue, badilisha siku na saa, utume upya, na waalikwa wataona mabadiliko badala ya msiba. Kikiwa ni cha kila wiki, angalia umechagua siku moja na si mfululizo wote. Na kumbuka kalenda haijui Kiswahili. Saa 4:00 asubuhi kwake ni 10:00. Nilimfundisha binti mmoja aliyeandika 4:00, na waalikwa wakapata kumbusho la simu saa tisa na dakika arobaini na tano usiku. Mmoja wao alipiga kuuliza kama ni kweli.

Kuna njia nyingine ambayo hukuifikiria kwa sababu ulikuwa na haraka: kikao kibaki, mtu mwingine akikalie. Inafaa sana kikao kikiwa cha taarifa na michoro. Haifai kikiwa cha uamuzi. Meneja wa benki aliyekuja kusikia ndiyo au hapana, akakutana na mwakilishi anayesema "nitamfikishia", anaondoka amedharauliwa kuliko kama angefutiwa. Kwa kikao chako cha ghala, mkandarasi na mshauri wangeweza kukaa na mhandisi wa kampuni, benki ikahamishiwa Ijumaa. Kama mkurugenzi anataka mtu aamue kwa niaba yake, aseme hivyo kwa maandishi, na mgeni aambiwe kabla hajatoka kwake kwamba atakutana na nani na ana mamlaka gani.

Vipo pia vikao ambavyo si vyako kufuta, hata ukiagizwa. Kikao cha bodi kina mwenyekiti wake, na mkurugenzi akikosekana anamwomba mwenyekiti, hamtumi katibu muhtasi kukivunja. Kikao cha nidhamu cha mfanyakazi kina taarifa na muda wa kisheria, kwa hiyo nenda kwanza kwa afisa utumishi. Ufunguzi wa zabuni una saa iliyotangazwa, na hapo mtu wa ununuzi na mwanasheria ndio wa kuulizwa. Mgeni aliye juu ya mkurugenzi kwa cheo au kwa umri, mkurugenzi ampigie mwenyewe. Wewe mtafutie tu namba na dakika mbili za utulivu. Na ikitokea unaona vikao vinavyofutwa ni vya watu wale wale wanaodai pesa, au wakaguzi, na wewe ndiye unayeagizwa kuandika kwamba hayupo wakati yupo, usitafute majibu kwa barua kama hii. Kaa ana kwa ana na afisa utumishi au mwanasheria wa kampuni, ukiwa na nakala za maagizo uliyopewa.

Kuhusu lililokwisha kutokea. Usiandike ufafanuzi kwenye kundi. Ukianza kueleza mahafali, watu wawili ambao hawakuwa wameona picha watazitafuta. Mwombe mkurugenzi dakika tano, mlango ukiwa umefungwa. Usianze na "ulisema mwenyewe", ingawa alisema. Mwambie: "Mkurugenzi, nilikosea kuandika kwenye kundi, na kutaja afya yako. Naomba umpigie mzee wa Morogoro leo, alifika hadi getini." Mpe namba ikiwa imeshaandikwa kwenye karatasi. Katika simu hiyo mkurugenzi hahitaji kusema aliumwa wala hakuumwa. Aseme tu kwamba alikuwa na shughuli ya mtoto, kwamba taarifa ilitoka vibaya ofisini kwake, na kwamba Ijumaa saa 3:00 atakuwepo. Mkandarasi naye ana watoto, pengine ataishia kuuliza kijana amehitimu nini.

Meneja wa benki nitakushauri umwache, isipokuwa mkurugenzi mwenyewe aone haja. Hakusafiri, na kwa watu wa namna yake simu ya pili kuhusu jambo dogo hulikuza. Wewe piga kwa katibu wake, thibitisha Ijumaa saa 3:00, na asubuhi ya Ijumaa saa 1:30 mpigie mkurugenzi umkumbushe akiwa bado nyumbani. Kikao hicho kikihama tena, hata kwa udhuru wa kweli kabisa, usipige wewe. Hiyo ya pili ni simu yake.